Upana wa Fidla: Grafu Inaposema Kweli na Inapopotosha

Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, jimbo la Wyoming nchini Marekani, kuna chemchemi ya maji moto iitwayo Old Faithful. Hukaa kimya kwa saa moja hivi, pengine zaidi, kisha hurusha maji yanayochemka na mvuke juu angani kwa dakika chache, halafu hutulia tena. Waliofika Ziwa Bogoria kule Baringo, Kenya, wameona chemchemi za jamii hiyo hiyo. Lakini hii ya Yellowstone ina umaarufu mwingine miongoni mwa wanatakwimu, kwa sababu kumbukumbu za milipuko yake 272 zimewekwa ndani ya programu ya takwimu iitwayo R, katika jedwali linaloitwa `faithful`. Kila mstari wa jedwali hilo una namba mbili: dakika ambazo mlipuko ulidumu, na dakika zilizopita hadi mlipuko uliofuata.

Jedwali hili linafaa sana kueleza aina mbili za grafu ambazo siku hizi zimejaa katika ripoti za afya, elimu, kilimo na uchumi. Ya kwanza ni grafu ya kisanduku. Ya pili ni grafu ya fidla, iliyopewa jina hilo kwa kuwa umbo lake hufanana na ala hiyo ya muziki: tumbo pana huku, kiuno chembamba kule. Zote mbili hujaribu kujibu swali moja: namba hizi zimetawanyika vipi? Lakini hujibu kwa njia zinazokinzana, na msomaji anayezisoma kwa jicho moja atakosea katika mojawapo.

Kisanduku: sehemu nne zenye idadi sawa

Grafu ya kisanduku ilienezwa na mwanatakwimu wa Marekani John Tukey katika miaka ya 1970, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1977. Alitaka grafu ambayo mtu angeweza kuichora kwa penseli, bila mashine.

Namna ya kuichora ni rahisi. Panga namba zote kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha zigawe katika mafungu manne yenye idadi sawa. Mpaka kati ya fungu la kwanza na la pili huitwa robo ya kwanza. Mpaka wa katikati kabisa huitwa mediani. Mpaka kati ya fungu la tatu na la nne ni robo ya tatu. Kisanduku huchorwa kuanzia robo ya kwanza hadi robo ya tatu, na mstari hukatishwa ndani yake mahali ilipo mediani. Kutoka kila upande wa kisanduku hutoka mkono mmoja, unaofika hadi thamani ya mwisho ambayo haijaenda mbali mno. Kwa kanuni ya Tukey, "mbali mno" ni zaidi ya mara moja na nusu ya urefu wa kisanduku. Thamani yoyote iliyovuka hapo huchorwa peke yake kama nukta.

Tuifanyie kazi Old Faithful. Mlipuko mfupi kuliko yote katika jedwali ulidumu dakika 1.6 na mrefu kuliko yote dakika 5.1. Robo ya kwanza ni dakika 2.16, mediani ni dakika 4.0 na robo ya tatu ni dakika 4.45. Hakuna thamani hata moja iliyovuka mpaka wa Tukey, kwa hiyo hakuna nukta za pembeni. Tunabaki na kisanduku safi kinachoanzia 2.16 hadi 4.45, chenye mikono miwili.

Hapa ndipo jicho linapoanza kudanganyika. Sehemu ya kisanduku iliyo chini ya mediani, yaani kutoka 2.16 hadi 4.0, ni ndefu mara nne ya ile iliyo juu yake. Wengi wakiiona huamini kwamba milipuko mingi imo humo. Sivyo. Kila sehemu ina milipuko 68, robo kamili ya 272. Sehemu ndefu haina watu wengi zaidi. Ina nafasi kubwa zaidi, na hivyo milipuko yake imekaa mbalimbali. Katika kisanduku, urefu ni dalili ya uhaba. Panapofupika ndipo namba zilipobanana. Na upana wa kisanduku, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine wa umbo, kwa kawaida haumaanishi chochote. Mchoraji huuchagua ili grafu ipendeze.

Kile ambacho kisanduku hakiwezi kusema

Sasa tuhesabu milipuko ile ile kwa vipande vya nusu dakika. Kati ya dakika 1.5 na 2 kuna milipuko 51. Kati ya 2 na 2.5 kuna 41. Kisha ghafla idadi inaporomoka: kati ya 2.5 na 3 ipo mitano tu, na kati ya 3 na 3.5 ipo saba. Halafu inapanda tena: 30, kisha 73 kati ya dakika 4 na 4.5, kisha 61, na minne ya mwisho iliyofika au kupita dakika 5.

Hii ndiyo habari kuu ya Old Faithful. Ina tabia mbili. Kuna milipuko mifupi ya karibu dakika mbili, na mirefu ya dakika nne na ushei, na kati yake kuna pengo. Katika dakika nzima kutoka 2.5 hadi 3.5, milipuko ni 12 tu kati ya 272. Tabia hizi mbili zina matokeo ya kweli kwa watalii wanaosubiri: mlipuko mfupi kwa kawaida hufuatwa na kungoja kufupi na mrefu hufuatwa na kungoja kurefu, kwa hiyo wahifadhi hutazama mlipuko uliopita umedumu muda gani ndipo wakadirie ujao.

Kisanduku chetu kinapita moja kwa moja juu ya pengo hilo. Sehemu yake ndefu inaanzia 2.16 na kuishia 4.0, na pengo limo ndani yake, limefunikwa kwa rangi ile ile moja. Wastani nao ni dakika 3.49, yaani unaangukia katika kipande ambacho milipuko yake ni nadra kuliko karibu vyote. Anayetazama kisanduku peke yake hawezi kujua kama milipuko imesambaa sawasawa kutoka 2.16 hadi 4.0 au imejikusanya kwenye ncha mbili, kwa kuwa mipaka mitano iliyochorwa ingebaki pale pale kwa hali zote mbili. Mwaka 2017 watafiti Justin Matejka na George Fitzmaurice walilionyesha jambo hili kwa makusudi: walitengeneza seti za namba zenye maumbo tofauti kabisa ambazo visanduku vyake havitofautiani hata kidogo, lakini fidla zake zinatofautiana waziwazi.

Fidla hutengenezwa vipi

Grafu ya fidla ililetwa na Jerry Hintze na Ray Nelson katika makala yao ya mwaka 1998. Nia yao ilikuwa kuunganisha vitu viwili: kisanduku cha Tukey na mchirizi unaoonyesha mahali namba zilipobanana. Ndiyo maana hadi leo fidla nyingi huchorwa na kisanduku chembamba katikati.

Ili kuelewa upana wake, chukulia mstari mrefu ardhini wenye alama za dakika kutoka 0 hadi 7. Kwa kila mlipuko, nenda kwenye dakika yake na umwage kibaba kimoja cha mchanga. Mchanga hautabaki nukta. Utatengeneza kichuguu chenye kilele hapo hapo na miteremko pande zote mbili. Ukimaliza kumwaga vibaba 272, vichuguu vitakuwa vimepandana. Palipo na milipuko mingi pamekuwa kilima, palipo na michache pamekuwa bonde. Mchoro wa mgongo wa mchanga huo, ukitazamwa kutoka ubavuni, ndio hasa kompyuta inaoukokotoa. Kisha unasimamishwa wima, unachorwa na pacha wake upande wa pili kama taswira katika kioo, na fidla imepatikana.

Mambo mawili yafuatayo kutokana na hapo. Kwanza, upande wa kulia na wa kushoto wa fidla husema jambo lile lile. Upande mmoja hauongezi habari juu ya mwingine. Pili, upana ni msongamano. Unaeleza jinsi namba zilivyobanana mahali hapo. Kwa hiyo katika fidla, panapopanuka pana namba nyingi, na panapokonda pana chache. Ni kinyume cha kisanduku, ambacho kirefu chake kina uhaba. Mtu akizoea moja asidhani amezoea zote.

Kwa Old Faithful, fidla inatoa jibu ambalo kisanduku kilishindwa kulitoa: matumbo mawili, moja karibu na dakika 2 na jingine karibu na dakika 4.4, na kiuno chembamba karibu na dakika 3. Hata mtoto wa shule atauliza mara moja kwa nini kuna mawili.

Upana si idadi

Lakini hebu tuusome upana huo kwa uangalifu. Milipuko iliyodumu chini ya dakika 3 ni 97. Iliyodumu dakika 3 au zaidi ni 175. Kundi refu linakaribia kuwa mara mbili ya kundi fupi. Je, tumbo la juu ni pana mara mbili ya tumbo la chini? Hapana. Linganisha vipande vyao vilivyojaa zaidi: 51 kwa nusu dakika upande wa chini, 73 upande wa juu. Uwiano wa 51 kwa 73 ni kama saba kwa kumi, ilhali uwiano wa makundi yenyewe, 97 kwa 175, ni kama tano na nusu kwa kumi.

Sababu ni kwamba milipuko mifupi imebanana katika eneo dogo, na mirefu imetandaa zaidi. Kundi dogo lililobanana linaweza kuwa na tumbo pana. Kundi kubwa lililotandaa linaweza kuwa na tumbo la kawaida lakini refu. Idadi haisomwi kwenye upana, inasomwa kwenye eneo: upana ukizidishwa kwa urefu wa kipande unachokitazama. Ukichora kwa mipangilio ya kawaida ya R, msongamano wa juu kabisa, karibu na dakika 4.4, ni 0.48 kwa kila dakika moja. Maana yake ni kwamba kipande chembamba cha sekunde sita hapo, yaani sehemu moja ya kumi ya dakika, kina kadiri ya asilimia 4.8 ya milipuko yote, kama 13 hivi. Jicho letu linavutwa na mahali papana kuliko pote. Swali sahihi ni eneo lote la tumbo ni kubwa kiasi gani.

Kipimo cha ulainishaji: uamuzi usioonekana

Turudi kwenye mchanga. Kibaba kimoja kinaweza kumwagwa kikawa kichuguu chembamba kilichochongoka, au kikatandazwa kikawa tuta pana lenye mteremko mdogo. Idadi ya milipuko haijabadilika, lakini mgongo utakaopatikana si ule ule. Kiasi cha kutandaza huko ni kipimo cha ulainishaji, na ndicho uamuzi mzito kuliko yote katika fidla. Katika grafu iliyochapishwa hakionekani popote.

R isipoambiwa vinginevyo hutumia kanuni inayoitwa `nrd0`. Hutazama jinsi namba zilivyotawanyika kwa jumla na idadi yake, kisha huchagua kipimo. Kwa milipuko yetu huchagua dakika 0.335. Kanuni nyingine, inayoitwa `SJ`, hutoa dakika 0.14 kwa namba zile zile. Kwa 0.335 kiuno kinaonekana lakini kimenona, kana kwamba milipuko ya dakika 3 si haba sana. Kwa 0.14 kiuno kinakonda na matumbo yanachongoka, karibu zaidi na hesabu yetu ya 5 na 7. Ukiweka dakika 1 nzima, kiuno kinatoweka kabisa. Linabaki tumbo moja lenye bega upande wa chini, na habari kuu ya Old Faithful imefutika. Ukiweka 0.02, fidla inakuwa na meno kama msumeno, na msomaji atadhani kila jino lina maana.

Kwa nini kanuni ya kawaida ililainisha kupita kiasi? Kwa sababu kanuni hiyo imebuniwa kwa namba zenye kilele kimoja. Inaona namba zimetawanyika sana kutoka 1.6 hadi 5.1, na haijui kwamba mtawanyiko huo umetokana na makundi mawili yaliyo mbalimbali, kila moja likiwa limebanana. Ikaamua kutandaza zaidi. Hili ni jambo la kulishika: kanuni ya kawaida hukosea zaidi pale pale ambapo fidla inahitajika zaidi, yaani penye vilele viwili.

Namna ya kugundua ni kuchora fidla ile ile mara tatu: kwa kipimo cha kawaida, kwa nusu yake, na kwa mara mbili yake. Umbo likibaki lile lile kwa zote tatu, unaweza kuliamini. Tumbo linalojitokeza kwa kipimo kimoja na kupotea kwa kingine lisiandikiwe hitimisho.

Mikia inayofika mahali pasipofikiwa

Kila kichuguu cha mchanga kina miteremko, hata kile cha mwisho kabisa. Mlipuko wa dakika 1.6 unamwaga mchanga kidogo chini ya 1.6, na ule wa dakika 5.1 unamwaga juu ya 5.1. Ukikokotoa msongamano huo katika R kwa mipangilio ya kawaida, mchirizi unaanzia dakika 0.6 na kuishia dakika 6.1. Hakuna mlipuko katika jedwali uliodumu dakika 0.6 wala 6.1. Mkia huo ni kazi ya ulainishaji peke yake.

Kwa chemchemi hasara yake ni ndogo. Lakini mkia huo huo ukichorwa kwa umri wa watoto kliniki utaonyesha watoto wenye umri chini ya sifuri, na ukichorwa kwa alama za mtihani utaonyesha wanafunzi waliopata zaidi ya mia kwa mia. Ukiona fidla imevuka mahali ambapo namba haiwezi kufika, jua mkia umechorwa na fomula. Kifurushi cha ggplot2 katika R hukata mkia penye thamani ya mwisho kwa desturi, kupitia `trim = TRUE`. Kifurushi cha seaborn katika Python huuacha uendelee, na mchoraji anapaswa kuandika `cut=0` ili uishie panapostahili.

Kukata nako hakumalizi tatizo. Namba zikijazana kwenye mpaka wa kweli, kwa mfano sifuri, mchanga uliomwagikia nje ya mpaka unatupwa, na fidla inaonekana imekonda mpakani wakati kwa kweli hapo ndipo penye umati.

Namba sita zenye umbo la kupendeza

Hatari kubwa kuliko zote ni data chache. Chukua milipuko sita iliyotangulia katika jedwali: dakika 3.6, 1.8, 3.333, 2.283, 4.533 na 2.883. Namba sita hazitoshi kumwambia mtu chochote kuhusu umbo. Lakini kompyuta haikatai. Kanuni ile ile ya `nrd0` inatoa kipimo cha dakika 0.52, vichuguu sita vinayeyukiana, na inapatikana fidla laini yenye tumbo moja tu. Na tumbo hilo lina upana wake mkubwa wapi? Karibu na dakika 3.2.

Tazama uzito wa jambo hilo. Fidla ya milipuko sita imesema kwa ujasiri kwamba mlipuko wa kawaida wa Old Faithful hudumu dakika tatu na ushei. Milipuko 272 inasema hapo ndipo penye pengo. Mchoro si kwamba umepungukiwa na habari kidogo. Umegeuza ukweli juu chini, na umefanya hivyo kwa mstari laini unaovutia macho. Kisanduku cha namba sita nacho ni dhaifu, lakini angalau hakidai kujua umbo. Nukta sita zilizochorwa wazi zingemfanya kila msomaji aone mara moja kwamba ni sita tu.

Kosa hili huzidi fidla mbili zinapowekwa ubavuni mwa nyingine. Kwa desturi ggplot2 huzipa fidla zote eneo sawa, kwa agizo `scale = "area"`. Fidla ya milipuko sita na ile ya 272 zitachorwa na eneo lile lile, na ile ya sita itakuwa na upana wa karibu robo tatu ya mwenzake. Msomaji ataona makundi mawili yenye hadhi sawa. Ukibadilisha iwe `scale = "count"`, eneo litafuata idadi, na ile ya sita itageuka uzi. Kuna pia `scale = "width"`, ambayo huzipa zote upana mkubwa ulio sawa. Hapo upana wa fidla moja haulinganishiki kabisa na wa nyingine. Hakuna agizo lililo baya kwa kila kazi, lakini grafu isiyosema imetumia lipi inamwachia msomaji kubahatisha.

Lini utumie ipi

Namba zikiwa chache, tuseme chini ya ishirini au thelathini kwa kila kundi, usichore fidla wala kisanduku. Chora nukta zote. Hakuna kinachofichwa, na hakuna kinachobuniwa.

Namba zikiwa nyingi na kila kundi likiwa na kilele kimoja, kisanduku kinatosha na mara nyingi kinashinda. Mediani na robo zake zimehesabiwa, hazikukadiriwa, na msomaji anaweza kuzisoma kwenye mhimili. Ukiwa na mikoa ishirini na sita ya kulinganisha, visanduku ishirini na sita husomeka, na fidla ishirini na sita huchosha macho. Lakini kabla ya kuamini kwamba kilele ni kimoja, mchoraji lazima awe ameangalia kwanza kwa histogramu au nukta.

Fidla inastahili nafasi yake namba zinapokuwa nyingi na umbo lenyewe ndilo habari: vilele viwili, mkia mrefu upande mmoja, pengo la katikati. Hapo iandamane na nukta zenyewe ili msomaji aweze kulihakiki tumbo kwa macho yake. Kwa Old Faithful, katika R, inatosha hivi:

```r
library(ggplot2)
ggplot(faithful, aes(x = "", y = eruptions)) +
  geom_violin(bw = 0.14, trim = TRUE) +
  geom_jitter(width = 0.05, height = 0)
```

Agizo `height = 0` ni la lazima. Nukta zinasukumwa kidogo kulia na kushoto ili zisifunikane, lakini haziruhusiwi kupanda wala kushuka, kwa kuwa kupanda na kushuka ndiko kunakobeba dakika za kweli.

Anayechapisha fidla anadaiwa mambo matatu chini ya picha: idadi ya namba katika kila kundi, kipimo cha ulainishaji kilichotumika, na kama fidla zimepewa eneo sawa au zimefuata idadi. Hayo yanaingia katika sentensi moja. Nawe msomaji, ukikutana na fidla isiyo na sentensi hiyo, soma kisanduku kilichomo katikati yake ukakiamini, kisha matumbo na viuno uvichukue kama dokezo hadi utakapooneshwa nukta.